Sheria ya Macho Matatu

Kaka yangu alikuwa na jicho moja, la kulia. La kushoto lilimtoka akiwa na miaka kumi na miwili, alipokuwa akikata waya wa redio kwa koleo na kipande kikamrukia. Mimi nilikuwa na miaka saba, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa imeishika ile redio isitikisike. Kwa hiyo mara ya kwanza nilikuwepo, na mara ya pili nilikuwepo pia. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia ya jirani.

Kibao cha duka letu kilisema FUNDI CHONGO, KOMPYUTA. Alikipaka rangi mwenyewe. Alisema watu watamwita hivyo akishageuka, bora wamwite akiwa anawatazama. Wifi yangu, mkewe, alinuna wiki nzima kwa ajili ya kile kibao. Kaka akamwambia, "Si ndiyo mnasema ukipenda, chongo huita kengeza? Basi wewe niite Fundi Kengeza." Mpaka leo sijui kama wifi alicheka au alichoka tu.

Duka lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta na mwanga wa mlangoni, hapo nilikaa mimi. Cha nyuma hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na benchi refu la mbao, skrini mbili, masanduku ya kompyuta yaliyovuliwa vifuniko, na kiti cha Kaka chenye mto uliochakaa upande mmoja. Kazi yetu kubwa ilikuwa kadi za picha, zile zinazochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Mafundi wengine walizikwepa. Kadi ya picha ikiumwa haisemi imeumwa wapi. Mashine inazima, mteja analia, na wewe hujui kama mgonjwa ni kadi yenyewe, au draiva, yaani ile programu inayoongea na kadi, au ni pawa saplai inayoshindwa kuilisha umeme.

Kwa sababu hiyo Kaka alitunga sheria. Kadi haihukumiwi kufa mpaka vidoa vyake vionwe na watu wawili. Kila kadi iliyohukumiwa ilibandikwa karatasi nyeupe yenye sahihi mbili, yake na yangu. Tuliiita sheria ya macho matatu, langu na langu na lake. Wateja walikuwa wakicheka wakisikia, na sisi pia tulicheka, lakini hatukuivunja. Aliitunga baada ya kuihukumu kimakosa kadi ya mwanafunzi mmoja. Alijua jicho moja huchoka. Alikuwa mkali, mbishi, na mwenye kiburi cha kazi, lakini kwa hilo hakuwa na kiburi kabisa.

Vidoa vyenyewe ni hivi. Kumbukumbu ya kadi ikianza kuoza, picha huvurugika. Utaona nukta za rangi zisizo na kazi, mistari, vipande vya miraba vilivyokaa pasipo pao. Wiki moja kabla ya mambo haya tulipata mfano mzuri. Mwenye ukumbi wa michezo alileta mashine yenye nukta za kijani zilizotapakaa hata kwenye nembo inayotokea mwanzo kabisa, kabla mfumo haujaamka. Kaka akaniita.

"Unaviona?"

"Naviona."

"Draiva imeshaamka?"

"Bado."

"Basi draiva ina kesi gani hapa? Mwache aende nyumbani kwake." Akaichomoa kadi, akaihamishia kwenye benchi letu, penye pawa saplai yetu kubwa. Nukta zikahama nayo. "Na umeme nao uende. Kadi imekufa. Weka sahihi."

Nikaweka. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka kumi na moja, na hatukuwahi kurudishiwa kesi.

Jumatatu iliyofuata akaja Mama Ramani. Huyu alikuwa mchoraji wa majengo. Alikuwa anachora nyumba ambazo hazijajengwa mpaka unatamani kuvua viatu uingie. Mashine yake, akasema, inafanya kazi vizuri asubuhi nzima, anaandika, anachora. Akiiambia tu itoe ile picha ya mwisho yenye mwanga na vivuli, kazi ambayo kadi huifanya kwa nguvu zake zote, dakika mbili tatu, pu, imezima, halafu inajiwasha yenyewe.

"Unaona vidoa kabla haijazima?" Kaka akamuuliza kutoka chumba cha nyuma.

"Vidoa gani?"

"Nukta. Nyuzi nyuzi. Vitu visivyokuwa vyako."

"Sijaona."

"Wateja hawaangalii," Kaka akaniambia yule mama alipoondoka.

Tukaiwasha. Kaka akaitwika mzigo, yaani programu ya kuitesa kadi, na nyuma yake ukurasa mweupe wenye mchoro wa nyumba ya yule mama. Mimi nilikuwa kaunta nikimhudumia mtu wa chaja. Nikasikia feni zikipanda sauti, kisha kimya cha ghafla, kisha mlio mdogo wa mashine ikijiwasha upya. Kaka akaita.

"Vidoa. Vyeusi. Vimekuja kabla haijazima. Na pembeni kuna kitu kinamulika mulika."

Nikaingia. Skrini ilikuwa inaamka, safi. Hilo halikunishangaza, vidoa huja na kuondoka, hasa kadi ikipoa. Nikamwuliza vilikuwa vya rangi gani, akasema vyeusi, vingine kama uzi, vinaelea. Kuelea. Neno hilo nalisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo. Vidoa vya kadi havielei. Vinakaa kwenye miraba yake au vinapepesa papo hapo. Hata mimi nilijua. Lakini fundi akiwa anaongea na mwenzake hachungi maneno, na mimi nilikuwa nimemwacha mteja wa chaja amesimama.

Sasa niseme jinsi tulivyotafuta, maana hatukuwa wajinga, na hilo ndilo linaloniumiza.

Tulianza na draiva. Draiva ikichelewa kujibu, mfumo huipa sekunde chache, halafu huizima na kuiwasha tena. Skrini inaganda, inakuwa nyeusi kidogo, inarudi, na ujumbe unakuambia draiva iliacha kujibu. Mashine yenyewe haifi. Na hata usipouona ujumbe, huandikwa kwenye kumbukumbu za matukio. Niliisoma mistari yote ya wiki mbili. Hakuna malalamiko hata moja ya draiva. Kulikuwa na mstari mmoja tu uliorudiwa kila ilipozima, kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Kaka hata hivyo akaifuta draiva yote, akaweka mpya. Ikazima vilevile.

"Ni umeme," nikasema. "Imekatika yote, mpaka feni na taa. Kadi ikianguka peke yake, feni zinaendelea."

"Umeme hautii nyuzi kwenye picha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kadi."

Jumanne akaweka kadi yetu ndogo ya majaribio kwenye mashine ya Mama Ramani. Saa nzima haikuzima. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia, "Kaka, hiyo kadi yetu inakula umeme nusu ya yake. Ukimpa mtoto sahani ya mtu mzima usiseme chakula kilitosha." Akacheka kidogo. Nikauliza, "Na vidoa?"

"Vimepungua."

"Vimepungua au vimeisha? Hii ni kadi nzima."

Alikuwa anapangusa skrini kwa kitambaa. Aliipangusa sana siku ile.

Jumatano tukafanya kinyume. Kadi ya Mama Ramani tukaileta kwenye benchi letu, kwenye pawa saplai kubwa, tukaitwika mzigo. Saa moja, saa mbili, haikuzima. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Pawa saplai ya mteja ilikuwa ya zamani, ya bei ya kutupa, na kadi aliongezewa kubwa mwaka mmoja uliopita bila mtu kufikiria itakula nini. Kila kadi ilipovuta kwa nguvu, pawa saplai ilijikata. Hata umpe mwanafunzi wa mwezi mmoja angekuambia hivyo.

Kaka alikaa mbele ya ile skrini nyeupe, jicho lake karibu kabisa.

"Haijazima," nikasema.

"Haijazima. Lakini vidoa vipo. Vingi kuliko jana."

Nikatupa jicho juu juu kutoka mlangoni. "Sivioni."

"Njoo karibu."

"Kaka, kaunta ina watu wanne."

"Yaani macho mawili yanashindwa na moja?"

Neno hilo lilinichoma. Siku zile alikuwa amekuwa mkali kupita kawaida. Alimfokea mteja, alimfokea wifi kwenye simu, aligonga kikombe cha chai na kukimwaga kwenye mbao za benchi, akanilaumu mimi kwa kukiweka vibaya. Niliona ni mtu asiyetaka kukubali kwamba mdogo wake amegundua kwanza. Mimi nikajiambia, mwache na kiburi chake. Nikarudi kaunta.

Dakika kumi baadaye simu yangu ikalia. Ni yeye, kutoka chumba cha nyuma, hatua sita. Alikuwa ameipiga picha skrini, si kwa kamera, bali kwa mashine yenyewe, na kunitumia. Hiki ni kipimo chetu cha zamani. Kama kadi ndiyo inayovuruga, uchafu unaingia ndani ya picha, na utauona popote utakapoifungua. Kama tatizo ni waya au skrini, picha itafunguka safi kwenye simu. Chini yake aliandika, *Ifungue kwenye simu yako uniambie unaona nini.*

Nilikuwa nahesabu skrubu za mteja. Nilikuwa nimekasirika. Nilijua nikiingia pale na kusema sijaona, tutabishana mpaka jioni, na Mama Ramani alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Nikajiambia, potelea mbali. Tumbadilishie vyote viwili, pawa saplai na kadi, mashine itakuwa nzima, mteja atafurahi, Kaka atakuwa ameshinda na mimi nitakuwa nimeshinda.

Picha sikuifungua. Nikaandika, *Nimeviona.*

Akaja mwenyewe mlangoni. Alisimama akishika fremu ya mlango. Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa sauti ya ubishi.

"Umeviona kweli?"

"Si nimekuandikia?"

"Hata vile kama uzi?"

"Hata vile kama uzi. Lete karatasi niweke sahihi, watu wanasubiri."

Akapumua. Nilimwona kabisa mabega yakishuka. Nikafikiri ni furaha ya kushinda. Akaleta ile karatasi nyeupe, akaibandika kwenye kadi ya Mama Ramani, akasaini, nami nikasaini juu ya kaunta katikati ya skrubu. Akanigusa kichwani kwa vidole viwili kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto, akarudi ndani akipiga mluzi.

Mama Ramani alichukua mashine yake Alhamisi ikiwa na kadi nyingine na pawa saplai mpya. Iliitoa picha ya nyumba yake hadi mwisho bila kukohoa. Kadi yake tukaiweka kwenye rafu ya wafu.

Jumatatu iliyofuata Kaka alichelewa kufika. Alijigonga kwenye kaunta, akaitukana kaunta. Akaingia ndani, akawasha skrini, na baada ya muda nikasikia, "Mdogo wangu, hii skrini imekatika chini."

Nikaenda. Skrini ilikuwa nzima.

"Imekatika vipi?"

"Nusu ya chini nyeusi. Badilisha."

Nikaleta nyingine. Nikachomeka waya. Ikawaka nzima, kona zote nne.

"Hiyo hiyo," akasema. "Nayo imekatika hapo hapo."

Nikamshika kichwa, nikamgeuza kutoka kwenye skrini, nikamwelekeza kwenye ukuta wetu mweupe wa chokaa. "Na ukutani?"

Feni ya benchi ilikuwa inazunguka. Nilisikia kila mzunguko.

"Na ukutani," akasema.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na taa kichwani. Alimlaza Kaka, akamwangalia muda mrefu, akamwambia aangalie juu, chini, kulia, kushoto. Halafu akatutoa nje mimi na wifi. Akasema utando wa nyuma ya jicho ulichanika, maji yakapita kwenye mchaniko, sasa umebanduka karibu wote, mpaka katikati, mahali jicho linapotumia kusomea.

"Vidoa vilianza lini?"

"Jumatatu," nikasema. "Ya wiki iliyopita."

"Na miale pembeni?"

"Siku hiyo hiyo."

Aliandika. Bila kuinua kichwa akasema siku zile za mwanzo mara nyingi huwa ni tundu dogo tu, madaktari hulizungushia mwanga wa leza, mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Sasa watapasua, lakini hawezi kutuahidi. "Mtu mwenye jicho moja," akasema, "kwa nini alingoja?"

Ni wifi aliyejibu. Alikuwa analia bila sauti, ameshika viatu vya mumewe mkononi sijui kwa nini. "Nilimwambia Jumatano usiku aende. Alikuwa ameshaanza kuviona hata kwenye pazia. Akasema, nimeshahakikisha, ni mashine, hata mdogo wangu kaviona. Jicho limechoka tu kwa kuvikodolea." Akanigeukia. "Maana wewe uliviona, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Nilitoka nje kwenye ngazi za hospitali, nikakaa. Nikatoa simu, nikaitafuta ile picha, nikaifungua kwa mara ya kwanza. Ukurasa mweupe. Nyumba ya Mama Ramani yenye veranda na madirisha marefu. Nikaikuza, nikapita kona moja baada ya nyingine, kama ninavyopitia kadi. Haikuwa na doa hata moja. Chini yake neno langu lilikuwa pale pale, na saa yake.

Walimpasua siku iliyofuata. Utando ukashika wiki tatu. Kisha kovu likauvuta, ukabanduka tena, wakarudia, haukushika. Alibaki na uwezo wa kujua mlango uko wapi mchana, kwa sababu ya mwanga. Basi.

Watu walikuja kumpa pole. Wengi walisema mganga hajigangi, wakitikisa kichwa. Yeye aliwajibu kwa utani mwanzoni. Aliniambia nikakibadilishe kile kibao, kwa kuwa sasa kinadanganya umma. Halafu utani ukaisha. Kulikuwa na majuma alipokaa kitandani ameelekea ukutani, na wifi akimletea chakula akikitoa vilevile. Nilikuwa nakwenda kila jioni nikiwa nimejiandaa kusema. Nilijiandaa njiani, nikapanga maneno. Nikifika, ananiuliza, "Leo umepokea nini dukani?" Namsimulia kadi, namsimulia mashine, na lile neno linabaki kooni. Alikuwa ananiambia, kama mtu anayejifariji kwa kitu kidogo alichobakiza, "Ila tazama bahati yangu. Kadi na jicho vimeharibika siku moja. Fundi gani angeweza kutofautisha?" Namwambia hakuna fundi. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji wa kwanza akataka kuja dukani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wifi alimleta, akamwacha. Alikaa kwenye kiti chake chenye mto uliochakaa, akapapasa benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, bisibisi, brashi, koleo. Mashine ilikuwa inapimwa. Akainamisha kichwa. "Hiyo feni ya kushoto inasugua," akasema, na kweli ilikuwa inasugua. Kwa dakika chache nikafikiri labda tutaishi.

Akanyoosha mkono kwenye rafu ya wafu. Akatoa kadi moja, akaipima uzito, akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Hii ya nani?"

"Ya Mama Ramani."

"Nilijua. Ni nzito." Aliishika magotini. "Ipandishe kwenye benchi."

"Ya nini, Kaka?"

"Vidoa vya kadi hii ndivyo vitu vya mwisho nilivyoviona nikiwa naona. Nimekuwa nikiwaza pale kitandani. Vingine vilikuwa vya kadi, vingine vilikuwa vyangu, na mimi nilivichanganya. Wewe uliviona vya kadi peke yake. Nataka unisimulie vilikuwaje, rangi yake, vilikaa wapi. Nikijua vya kadi, vinavyobaki ni vyangu. Nitajua kama nilikuwa mjinga au la."

Nikaichomeka. Mikono yangu inaijua kazi hiyo bila mimi. Nyaya mbili za umeme, kila moja kwenye tundu lake, waya wa skrini, swichi. Nembo ikatokea, safi. Mfumo ukaamka. Nikafungua ukurasa mweupe, nikaitwika mzigo wote. Feni zikapanda.

"Vipi?"

"Bado haijapata moto."

"Tungoje."

Tukangoja. Hakuna mteja aliyekuja. Nilitazama ile skrini kama sijawahi kutazama kitu maishani. Nilikuwa naomba. Naapa nilikuwa naomba kidoa kimoja, nukta moja ya kijani, mraba mmoja uliohama. Joto lilipanda, likasimama pale linaposimama kadi nzima. Robo saa. Nusu saa. Yeye alikuwa ameukalia mkono mmoja, na mwingine ameuweka karibu na feni, upepo wa moto unampiga vidoleni.

"Imeshapata moto," akasema. "Unaviona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningemwambia vya kijani, Kaka, vimekaa upande wa kulia, na angepata anachokitaka, na angelala usiku ule. Nilifungua mdomo nikiwa nimeamua kusema hivyo.

"Hamna kitu," nikasema.

"Huvioni?"

"Hamna, Kaka. Kadi ni nzima. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilikuwa ni umeme tu."

Hakusogea. "Na ile picha niliyokutumia?"

"Sikuifungua."

"Uliniandikia umeviona."

"Nilikuandikia. Sikuifungua."

Upepo wa feni uliendelea. Alitoa mkono wake pale, akauweka kwenye goti. Uso wake ulikuwa umeelekea nilipo, karibu sawa, umepita kidogo tu bega langu. Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie chochote kilichokuwa karibu na mkono wake. Alikuwa na hasira ya haraka maisha yake yote, na sasa nilipoihitaji haikuja.

"Siku ile nilikuwa nimeshajua ni umeme," akasema. "Ulipoleta kadi kwenye benchi na haikuzima, nilijua. Mimi si mtoto. Nilikuwa nimeanza kuviona hata ukutani."

"Kaka."

"Sikuwa nakuuliza kadi. Niliogopa kusema. Nilikuwa nakuuliza jicho."

Nililia. Sikuficha, na angenisikia hata ningeficha. Yeye alipapasa mpaka akaupata ubavu wa kadi, akaifuata ile karatasi kwa kucha, akaibandua polepole, ikatoka nzima na sahihi zetu mbili. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Izime, ipoe," akasema. "Halafu mpigie Mama Ramani aje aichukue kadi yake. Mwambie tulikosea."

Nikaizima. Feni zilipunguza sauti, zikasimama. Aliomba nimpeleke nyumbani, na njia nzima alinishika mkono, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kufika.